Karafuu Yenye Mbele, Ubavu na Mgongo: Kuchora Mhusika wa Bidhaa Ndogo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu wa vikundi vya sabuni, viungo na ususi, na nyinyi vijana mnaochora kwa mkono na kwa kompyuta, ahsanteni kwa kufika. Mada yetu leo ni nyembamba kwa makusudi. Hatutagusa jina la bidhaa, wala bei, wala matangazo. Tutamchukua mhusika mmoja wa katuni, yule anayekaa juu ya pakiti na kujulikana na wanunuzi kama uso wa bidhaa, na tutamchora mbele, ubavu na mgongo mpaka pande hizo tatu zikubaliane.

Wengi huchora mbele tu. Kwa stika ya kwanza hilo linatosha. Tabu huanza siku mwanasesere wake anapotakiwa kushonwa, au anapotakiwa kuchorwa anatembea kwenye ubavu wa boksi. Fundi hana mgongo wa kufuata, basi anabuni wake. Fundi wa pili naye anabuni wake. Baada ya muda mfupi bidhaa moja ina wahusika watatu wanaofanana majina tu.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao mpaka mwisho. Tuseme kikundi kidogo hapa Pemba kinatengeneza sabuni ya mwani na karafuu, na kinataka mhusika aliye karafuu. Tumwite Tumba. Karafuu ni chaguo zuri kwa mchoraji, na si kwa sababu ya sifa ya kisiwa peke yake. Ishikeni moja mkononi muitazame vizuri: ina kidude cha mviringo juu, chini yake vijani vinne vilivyokishika, halafu mwili mrefu unaopungua unene kuelekea chini. Maumbo matatu tu: mpira, kola yenye ncha nne, na mche mrefu. Tena ukiizungusha, umbo lake halibadiliki sana, na mtaona baadaye jambo hilo linavyotupunguzia kazi.

Kabla ya kupima chochote, amueni uso utakaa wapi. Mtu anaweza kuuweka kwenye mwili mrefu na kuuacha mpira uwe kama kofia. Mimi naona hiyo ni njia mbaya, kwa sababu macho yatabanwa kwenye sehemu nyembamba, na kola itakuwa inaelea juu ya paji la uso. Mpira uwe kichwa, vijani vinne viwe kola ya shingoni, mche uwe kiwiliwili. Hapo kila kipande cha karafuu kinapata kazi ambayo mtazamaji anaielewa bila kuelezwa.

Sasa vipimo. Chukueni karatasi ya A4, muilaze kwa upana, mchore miraba ya sentimita moja moja kwa penseli nyepesi. Tumba atakuwa na urefu wa miraba 12. Tukianza chini: mraba 1 wa nyayo, mraba 1 wa miguu, miraba 5 ya kiwiliwili, mraba 1 wa kola, na miraba 4 ya kichwa. Kwa hiyo kiwiliwili kinaanzia mstari wa 2 na kuishia mstari wa 7, na kichwa ni duara lenye kitovu kwenye mstari wa 10. Kiwiliwili kina upana wa miraba 3 juu na 2 chini. Hapo ndipo mwanzo wa kila kitu, na vipimo hivi viandikwe pembeni ya karatasi, visibaki kichwani mwa mchoraji.

Chora mistari mitatu ya wima, ya kwanza sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, ya pili sentimita 15, ya tatu sentimita 24. Hiyo ndiyo mihimili ya mbele, ubavu na mgongo. Halafu mistari ya mlalo ikate karatasi yote kutoka mwanzo hadi mwisho: utosi, macho, ncha ya kola, bega, ncha ya mkono, chini ya mkoba, na nyayo. Mistari saba inatosha. Kitu kikiwa kwenye mstari fulani kwa mbele, lazima kiwe kwenye mstari huohuo kwa ubavu na kwa mgongo. Kugeuka hakumfanyi mtu arefuke wala afupike.

Naomba tukae kidogo kwenye kola, maana wengi hupotea hapo.

Vijani ni vinne, vimepangwa sawasawa kuzunguka shingo. Swali ni: mhusika akikutazama, kijani kimoja kiwe katikati ya kifua chake, au nafasi tupu iwe katikati na vijani vikae pembeni? Ukiweka kimoja katikati, kitapanda mbele ya kidevu na kuukaribia mdomo. Vilevile vile viwili vya kulia na kushoto vitaonekana kwa ukingo, vyembamba, na cha nyuma hakitaonekana kabisa. Picha inakuwa na vijani vitatu vya sura mbili tofauti. Ukivizungusha nyuzi 45, unaona viwili tu mbele, kimoja kila upande, vinafanana, na vile viwili vya nyuma vimejificha barabara nyuma yao. Ukimtazama ubavuni unaona viwili vilevile. Mgongoni viwili vilevile. Kola imekuwa moja kwa pande zote tatu.

Ila kuna gharama yake, na lazima muijue. Kijani kilichoelekea pembeni kwa nyuzi 45 hakionekani kwa urefu wake wote. Kinaonekana kama sehemu 7 katika 10. Kwa hiyo, kijani kikitoka miraba 4 kutoka katikati ya shingo, kwenye mchoro ncha yake itaonekana miraba 2.8 tu kutoka kwenye mhimili. Ndiyo sababu nimechagua miraba 4. Kichwa chetu kina nusu upana wa miraba 2. Kama kijani kingekuwa na miraba 3, ncha ingeonekana kwenye 2.1, yaani ingefichika karibu yote chini ya kivuli cha kichwa.

Na hilo si jambo dogo. Jazeni mchoro wote rangi nyeusi, uso na kila kitu, kisha muuangalie ukiwa umbali wa hatua tano. Tumba asiye na kola inayotokeza anakuwa kijiti cha kiberiti, au maikrofoni. Mtoto atasema kiberiti, na hatakuwa amekosea. Kola ikitokeza kila upande, ncha zake zikinyanyuka mpaka mstari wa 8 na nusu, kila mtu kisiwani atasema karafuu kabla hajaona rangi. Fanyeni jaribio hili la kivuli kwa pande zote tatu, si mbele tu. Mhusika mzuri hutambulika hata akiwa amegeuza mgongo.

Tukija kwenye ubavu, kuna kosa limezoeleka sana. Mchoraji aliyezoea kuchora watu hukipunguza unene kiwiliwili kinapogeuka, kwa sababu mtu kwa kawaida ni mwembamba ubavuni kuliko mbele. Tumba si mtu. Ni mche wa duara. Upana wake ni miraba 3 mbele, miraba 3 ubavuni, miraba 3 mgongoni. Kichwa nacho ni mpira, hivyo ni duara lilelile. Chukueni mchoro wa mbele wa kichwa, kola na kiwiliwili, muunakili ulivyo kwenye mihimili mingine miwili, na kazi nusu imekwisha. Kinachobaki kubadilika ni uso, mikono, nyayo na mkoba.

Uso. Mbele, tumeweka vitovu vya macho mraba 1 kulia na mraba 1 kushoto kwa mhimili, kwenye mstari wa 10. Kila jicho ni yai lililosimama, urefu mraba 1 na upana sita ya kumi ya mraba. Sasa Tumba anapogeuka, jicho linakwenda wapi? Anayekisia huliweka katikati ya duara, na mhusika anafanana na samaki. Jicho limekaa kwenye mpira, si kwenye sahani. Likiwa mraba 1 kutoka katikati kwenye mpira wenye nusu upana wa miraba 2, basi ubavuni linakaa karibu kabisa na ukingo wa mbele, limebakiza kama robo ya mraba tu. Na kwa kuwa linaonekana kwa mshazari, upana wake unapungua hadi nusu na kidogo, yaani kama 0.35 ya mraba. Urefu haubadiliki. Kwa kuwa ukingo uko karibu hivyo, sehemu ya upande wa mbele ya jicho inakaribia kuugusa. Msiogope, ndivyo inavyotakiwa. Mdomo nao ubavuni ni nusu tu, unaanzia kwenye ukingo na kurudi ndani kidogo. Pua tumeiacha. Kwa mhusika mdogo namna hii pua inaleta umbo la nne bila kuongeza kitu.

Mikono isining'inie imenyooka kabisa, maana mbele itamezwa na kiwiliwili kwenye jaribio la kivuli. Wala isinyooshwe kama msalaba, kwa sababu ubavuni itaonekana kiduara kitupu na hakuna atakayejua urefu wake. Ifunguliwe kiasi, kama nyuzi 30 kutoka mwilini. Bega liwe mstari wa 6 na nusu, mkono wenyewe uwe na urefu wa miraba 3, na ncha yake itaangukia karibu na mstari wa 4. Ubavuni mkono unaonekana ukishuka wima katikati ya mwili, kutoka 6 na nusu hadi 4. Unaonekana mfupi kidogo kuliko miraba 3, na ni sawa, kwa kuwa umeinamia upande wa mtazamaji. Anayeunyoosha ubavuni hadi upate miraba 3 kamili ameupitisha mstari wake.

Mkoba sasa. Tumba amevaa mkoba wa ukili, kamba imepita bega la kulia na mkoba umekaa nyonga ya kushoto. Kushoto kwake yeye, si kwetu. Nimeuweka kwa makusudi, kwa sababu ndicho kitu pekee kisicho sawa kulia na kushoto, na ndicho kitakachowaonyesha kama pande zenu zinakubaliana au zinadanganyana.

Mbele, kulia kwake ni kushoto kwetu. Kwa hiyo kamba inaanza juu kushoto kwa karatasi na kushuka kulia, na mkoba unatokeza kulia kwa mraba 1. Mgongoni mambo yanageuka: kamba inaanza juu kulia na kushuka kushoto, na mkoba unatokeza kushoto. Mlalo wa kamba mbele ni kama alama hii \ na mgongoni ni kama hii /. Mkiona alama moja imejirudia pande zote mbili, kuna kosa.

Kosa hilo lina chanzo kimoja, tena ni uvivu wa dakika moja. Mchoraji ananakili mbele, anafuta macho na mdomo, anaita mgongo. Kamba na mkoba vimebaki palepale, na Tumba sasa ana mkoba nyonga ya kulia. Dawa ni kunakili na kugeuza. Kwenye Inkscape, chagueni mchoro wote wa mbele, bonyezeni Ctrl+D upate nakala, kisha H uigeuze kulia-kushoto, halafu muisogeze kwenye mhimili wa tatu na mfute uso. Mkoba utakwenda wenyewe mahali pake. Kama mkoba una maandishi, hayo yafutwe na kuandikwa upya, kwani yatakuwa yamegeuka kinyume.

Kwa anayechora kwa mkono kuna kipimo kisichohitaji umeme. Chora mbele kwenye karatasi moja na mgongo kwenye nyingine, uzishikanishe visogo, yaani michoro yote miwili itazame nje, kisha uziweke kwenye kioo cha dirisha mchana. Mistari ya nje ya michoro miwili inatakiwa iungane iwe mmoja, mkoba juu ya mkoba, mkono juu ya mkono. Palipotokea mistari miwili pana tofauti, na mtaiona hapohapo ni ya kiasi gani.

Kwa ubavu, chagueni upande wa kushoto wa mhusika, kwa sababu mkoba uko huko na fundi anahitaji kuuona uso wake wote. Ukimtazama mtu kwa kushoto kwake, anaelekea kushoto kwako, kwa hiyo nyayo na jicho vielekee kushoto kwa karatasi. Mkoba ubavuni una upana wa miraba 2, kutoka mstari wa 2 hadi kama 3.7. Mkono umeishia mstari wa 4, kwa hiyo haugusi mkoba. Hiyo si bahati. Mkoba ungepanda nusu mraba, kiganja kingeukalia, na ubavuni pangekuwa na bonge moja lisilosomeka. Kamba inaonekana ikitoka kwenye mkoba pande mbili, mbele na nyuma, na kupotelea chini ya kola. Kola ndiyo inayotuokoa na bega ambalo karafuu haina.

Nyayo hazina maneno mengi: mbele upana 0.8, ubavuni urefu 1.2, mgongoni tunaona kisigino. Kuna watakaotaka makubadhi yenye nakshi. Ni mazuri, lakini tazameni hesabu ifuatayo.

Stika ya mviringo ya sabuni ina kipenyo cha milimita 30. Ukiacha nafasi ya maandishi kuzunguka, Tumba anabaki na urefu wa milimita 18. Mchoro wetu una milimita 120. Kila kitu kinapungua hadi 0.15 ya kilivyokuwa, na mraba mmoja unakuwa milimita 1 na nusu. Mstari wa kalamu wa milimita 1, ambao kwenye karatasi unaonekana mnene, unabaki milimita 0.15, na kwenye uchapaji wa kawaida utakatikakatika. Mstari wa nje basi uwe na milimita 2 kwenye mchoro mkubwa, upate 0.3 kwenye stika. Kamba ya mkoba iwe na upana wa 0.4 ya mraba, itabaki milimita 0.6. Msuko wa ukili kwenye mkoba usichorwe jicho kwa jicho. Mistari mitatu ya mshazari inatosha kwa pakiti kubwa, na kwa stika mkoba uwe mtupu. Makubadhi kwa kipimo hicho ni nukta mbili chafu.

Rangi ziwe chache na bapa, bila vivuli. Karafuu kavu ina mwili wa hudhurungi iliyokolea na kichwa chenye rangi iliyopauka zaidi, nasi tufuate hivyohivyo: #4A2618 kwa kiwiliwili na kola, #A8693D kwa kichwa, #E3C27A kwa mkoba, na nyeupe kwa macho. Vivuli huharibu mambo kwa sababu mbele mwanga utakuwa umetoka kushoto, mgongoni mchoraji atausahau, na ubavuni hatajua autoe wapi. Mkitumia boksi la kaki, kiwiliwili kitasomeka lakini kichwa kitazama kwenye rangi ya boksi. Hapo mzungushieni mhusika mzima ukingo mweupe. Rangi ya kioo cha simu na rangi ya wino si kitu kimoja, kwa hiyo ombeni nakala moja ya majaribio kwenye karatasi yenyewe ya boksi kabla ya kuagiza.

Nimalizie na fundi wa kushona, kwa sababu hapo ndipo pande tatu peke yake hazitoshi. Tuseme anataka kumshona Tumba mwanasesere wa sentimita 24, mraba mmoja sawa na sentimita 2. Kichwa ni mpira wa sentimita 8, hakuna utata. Lakini akiipima kola kwa rula juu ya mchoro wa mbele, atakata vijani vya sentimita 4 na nusu hivi, na mwanasesere atatoka na kola fupi inayofichika chini ya kichwa, yaani kijiti chetu cha kiberiti kimerudi. Mchoro umefupisha kijani, kama tulivyosema. Urefu wake wa kweli ni huu: kutoka ukingo wa mwili kwenda nje ni miraba 2 na nusu, na kinapanda mraba 1 na nusu, jumla kwa mshazari ni karibu miraba 2.9. Hiyo ni sentimita 5.8, na aongeze sentimita 1 ya mshono.

Kwa hiyo, kwenye kona ya karatasi ileile, ongezeni mchoro mdogo wa nne wa kumtazama Tumba kutoka juu: duara la kichwa lenye kipenyo cha miraba 4, vijani vinne vimepangwa kama herufi X vikifika miraba 4 kutoka katikati, mshale unaoonyesha uso unaelekea wapi, na mkoba upande wake wa kushoto. Pembeni yake andikeni urefu wa kweli wa kijani na kipimo cha mraba. Karatasi moja inatosha. Hifadhini faili la SVG kwa ajili ya kukuza na kupunguza, toeni PNG moja kwa kila upande yenye kipimo kilekile cha turubai ili ziweze kubandikwa juu ya nyingine na kukaguliwa, na kila nakala mnayompa fundi iwe na tarehe, ili akija na swali mjue anashika toleo gani.

Ahsanteni sana. Wenye michoro yao waisogeze karibu na dirisha, tuanze kuipima.